Siagi Isiyo Siagi
Neno likidondoka katika sentensi, sarufi humshtua msomaji. Orodha ya viambato haina sarufi ya kuvunjika. Majuzi nilisahihisha maandishi ya pakiti ya biskuti: “unga wa ngano, sukari, siagi, chumvi”. Sikuona dosari, hadi nilipoyalinganisha na karatasi ya mapishi. Humo mliandikwa “siagi ya njugu”. Maneno mawili yamedondoka, na kitokanacho na njugu kimegeuka kitokanacho na maziwa! Mzazi ambaye mwanawe ana mzio wa njugu angezinunua biskuti hizo bila wasiwasi. Wala tahadhari iliyo chini, “Ina ngano na maziwa”, isingemwokoa, kwani ilitungwa kutokana na orodha iyo hiyo. Kwa hivyo tahadhari nayo husahihishwa kwa kutazama mapishi, si orodha.