Duka limezama, kilichokuwemo kilikuwa cha thamani gani?

Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wenye vizimba waliingia kwenye swali linalomkuta kila mfanyabiashara aliyepata janga la namna hiyo. Mkadiria hasara wa bima huja na kalamu yake na kuuliza kitu kimoja: mlikuwa na mali ya kiasi gani? Jibu la kwanza la wengi ni "nyingi". Jibu la pili ni tarakimu ya mviringo inayotoka kichwani, na mkadiria huiandika bila kuiamini.

Mali iliyogeuka majivu haihesabiki. Lakini njia iliyoingilia dukani na njia iliyotokea zimeacha nyayo mahali pengine: kwa wauzaji wa jumla, benki, kwenye simu na kwenye kumbukumbu za kodi. Ukijua kilichoingia na kilichotoka, kilichobaki hujulikana kwa kutoa tu. Ugumu uko hapa: kilichoingia kimeandikwa kwa bei ya kununulia, kilichotoka kimeandikwa kwa bei ya kuuzia. Huwezi kutoa embe kwenye machungwa. Kinachogeuza mauzo yarudi kwenye bei ya kununulia ni kiwango cha faida ghafi, yaani ile sehemu ya mauzo inayobaki ukishaondoa gharama ya bidhaa zenyewe, kabla ya kodi ya pango, mishahara na umeme.

Tuchukue mfano wa kubuni, duka la vifaa vya ujenzi lililo bondeni. Mvua za masika zinapasua mto usiku wa tarehe 20 Aprili, maji yanasimama kifuani mpaka asubuhi. Saruji imeganda ndani ya mifuko, misumari imeanza kushika kutu, daftari limekuwa uji.

Mwenye duka alihesabu mali yake mara ya mwisho tarehe 31 Desemba, akapata ya shilingi milioni 24 kwa bei ya kununulia. Nakala ya hesabu hiyo iko kwa mhasibu wake. Tangu Januari, ankara alizozikusanya upya kutoka kwa wauzaji wa jumla zinafika milioni 64. Ila ndani yake mna mabati ya milioni 3 ambayo yalilipiwa na bado yako kwenye ghala la muuzaji, makavu kabisa. Hayo yanatolewa, inabaki milioni 61. Kusafirisha mzigo mpaka dukani kulimgharimu milioni 2, na gharama hiyo ni sehemu ya bei ya mali, kwa hiyo inaongezwa. Halafu kuna jambo ambalo wenye maduka hulisahau, au hujifanya wamelisahau: mwezi Februari alichukua saruji na nondo za milioni 1 akajengea nyumba yake. Hazikuuzwa, lakini dukani hazimo. Ukijumlisha 24, 61 na 2, kisha ukatoa 1, unapata milioni 86. Hiyo ndiyo mali yote iliyokuwa tayari kuuzwa.

Mauzo ya kipindi hicho yalikuwa milioni 70. Hesabu za mwaka uliopita zinaonyesha kuwa kwenye kila shilingi 100 za mauzo, 20 zilikuwa faida ghafi. Basi 80 zilikuwa gharama. Asilimia 80 ya milioni 70 ni milioni 56. Toa 56 kwenye 86: usiku ule maji yalikuta mali ya milioni 30.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mwulize mwenye duka faida yake, atakwambia, "Naweka 25 juu ya kila 100." Hasemi uongo. Alichonunua kwa 80 anauza 100, na 20 ni robo ya 80. Lakini robo hiyo ni ya bei ya kununulia. Ukiipima kwenye mauzo ni asilimia 20. Akiiandika 25 kwenye hesabu hii, gharama ya mauzo inashuka hadi milioni 52.5 na mali iliyozama inapanda hadi milioni 33.5. Milioni 3 na nusu za mali ambayo haikuwepo zimezaliwa kwa neno moja. Mkadiria ataziona, na kuanzia hapo ataitilia shaka kila karatasi utakayompa.

Kosa jingine humwumiza mwenyewe. Ikiwa manunuzi ameyaandika bila kodi ya ongezeko la thamani lakini mauzo ameyachukua pamoja nayo, kwa kiwango cha Tanzania cha asilimia 18 mauzo yale yatasomeka milioni 82.6. Mali iliyobaki itaonekana haifiki hata milioni 20. Amejinyang'anya milioni 10 kwa mkono wake.

Njia hii pia haijui siri za duka. Bidhaa iliyouzwa bila risiti, kwenye hesabu bado iko rafuni; iliyoibwa na kijana wa duka nayo iko rafuni. Ndiyo maana mkadiria huomba taarifa za benki na za miamala ya simu, azilinganishe na mauzo yaliyotangazwa. Aliyeificha TRA mauzo yake hujikuta pabaya: akiyataja, amejishitaki, akiyanyamazia, anadai fidia ya mali aliyokwisha kuiuza.

Na kiwango chenyewe cha faida si kitu cha kudumu. Saruji hubeba faida nyembamba, misumari, rangi na vitasa hubeba nono zaidi. Kama mwaka huu duka liliuza saruji nyingi kuliko mwaka jana, asilimia 20 ya mwaka jana itadanganya, na ni afadhali kila kundi likadiriwe peke yake. Kipimo kizuri ni hiki: tumia njia hii hii kukadiria mali ya Desemba iliyopita, kisha linganisha na ile iliyohesabiwa kwa mikono. Zikipishana sana, kuna kitu hakijaandikwa.

Milioni 30 nazo si hasara bado. Maji, tofauti na moto, huacha vitu. Makopo ya rangi yaliyofungwa vizuri huweza kuuzwa hata kama karatasi za nje zimebanduka. Nondo na mabati yaliyoguswa na kutu kidogo yana mnunuzi wake. Tuseme vilivyookolewa vinafaa milioni 8. Hasara ni milioni 22.

Je, bima italipa 22? Mara nyingi hailipi. Mwenye duka alikatia bima mali ya milioni 24 tu, ili ada iwe nafuu, wakati mali ilikuwa ya milioni 30. Mikataba mingi ya bima ya mali ina kifungu kinachomhesabu mtu wa namna hiyo kuwa amejibebea mwenyewe sehemu ya hatari. Ishirini na nne kwa thelathini ni asilimia 80, kwa hiyo atapokea asilimia 80 ya hasara yake: shilingi milioni 17.6. Hesabu ile ile iliyomthibitishia mali yake ndiyo iliyofichua kwamba bima yake haikutosha.

Wewe mwenye duka, piga picha orodha ya mali yako ya mwisho wa mwaka na uitume kwa mtu anayelala nyumba nyingine. Risiti za mashine ya EFD nazo zipige picha mapema, kwa sababu wino wake hufifia hata kabla ya moto kufika.