Pete Laini Inapoliwa na Jirani Yake

Pete ya ndoa ya karati 22, iwe imenunuliwa Dubai au kwa sonara wa Zanzibar, inaweza kukaa kidoleni miaka mingi bila kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mambo hubadilika inapoletwa pete ya pili, tuseme ya dhahabu nyeupe ya karati 18 yenye vialmasi vilivyopangwa pande zote. Zote mbili huvaliwa kidole kimoja, na hapo ndipo ile ya kwanza huanza kulika.

Sababu ni ugumu. Katika pete ya karati 22, sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu tupu, madini laini sana. Kilichobaki kwa kawaida ni shaba na fedha, kiasi kidogo cha kuikaza. Karati 18 ina robo nzima ya madini mengine, kwa hiyo ni ngumu zaidi. Lakini mharibifu mkuu ni almasi yenyewe. Kwenye kipimo cha Mohs, dhahabu tupu haifiki 3, ilhali almasi iko 10, kileleni. Vialmasi vikiwa wazi ubavuni mwa pete, kila kidole kinapokunjwa hufanya kazi ya tupa. Vumbi nalo huchangia: chembe za mchanga zikinaswa kati ya pete husaga hata zile za karati moja.

Dalili ya kwanza ni ubavu mmoja kupoteza mng'ao, kisha mfuo ambao ukucha hukwama ukipitishwa juu yake. Pete ivuliwe na kutazamwa hasa upande wa kiganja, kwa kuwa kila kitu kinachoshikwa hukandamiza pete hapo. Unene ukishuka chini ya milimita 1, pete hupinda kwa urahisi na inaweza kupasuka. Sonara bado anaweza kuiokoa kwa kukata kipande kilicholika na kuunganisha kipya cha karati ileile.

Kwa wanaotaka kuzivaa pamoja, njia nzuri ni kuweka katikati pete nyembamba isiyo na vito, ya karati 22. Hiyo ndiyo italiwa badala ya pete ya ndoa, na kuibadilisha si gharama kubwa. Njia nyingine ni kuziunganisha pete zote mbili kwa lehemu. Msuguano huisha, ila haziwezi tena kuvaliwa moja moja bila kurudi kwa sonara kutenganishwa.

Pete za tangsteni kabaidi, ambazo wanaume wengi huzipenda kwa kuwa hazichuniki, ni kesi ngumu zaidi. Ziko karibu 9 kwenye kipimo hichohicho na hazishiki lehemu ya kawaida ya sonara. Mwenye pete ya namna hiyo na ya dhahabu pia azigawe: moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.