Kadi ya Modeli na Jani la Muhogo

Programu inayotazama picha ya jani la muhogo na kutaja ugonjwa wake mara nyingi hutangazwa kwa namba moja tu: asilimia ya usahihi. Mkulima anayejiuliza kama ang'oe mashina yake hawezi kuitegemea namba hiyo pekee. Mwaka 2019 Margaret Mitchell, Timnit Gebru na wenzao walipendekeza kila modeli iliyofunzwa iambatane na kadi: maelezo mafupi ya kazi iliyokusudiwa, data iliyoifunza, namna ilivyopimwa na mahali inaposhindwa.

Tazama data ya mihogo ya Uganda, iliyotumika katika shindano la Kaggle lililoanza mwaka 2020. Ina picha 21,397 za kufunzia, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, kisha wataalamu wa mazao wakishirikiana na maabara ya Chuo Kikuu cha Makerere wakazipanga katika makundi matano: batobato, michirizi ya kahawia, ugonjwa wa bakteria, madhara ya utitiri wa kijani, na majani yasiyo na ugonjwa. Batobato peke yake ina picha 13,158.

Sasa chukua programu isiyojua lolote, inayojibu "batobato" kwa kila picha. Itapatia picha 61 katika kila 100! Lakini picha 2,189 za michirizi ya kahawia zitaipita zote, haitatambua hata moja.

Ndiyo maana sehemu ya vipimo inapaswa kujibu maswali mawili kwa kila ugonjwa. Kati ya majani yanayougua kweli, imeyakamata mangapi? Na kila inapoutaja ugonjwa huo, ni mara ngapi imesema kweli? Majibu haya huvutana, kwa kuwa programu ikilegezwa ili ikamate wagonjwa wengi zaidi, itawatia hofu pia wenye mashamba mazima. Mimi huangalia pia picha za kupimia zimetoka wapi. Zikitoka katika mashamba yaleyale yaliyoifunza, huenda modeli imezoea udongo na mwanga wa shamba lile, na alama zake zitashuka ikipelekwa kwingine.

Katika matumizi, kadi nzuri husema wazi kwamba modeli ni ya kumsaidia bwana shamba kujua aanze kukagua wapi, na si ya kuidhinisha vipando vya kugawa. Modeli yenye makundi matano tu, ukiionyesha jani la maharage, bado itachagua mojawapo ya majibu hayo matano.

Kikomo kikubwa zaidi kiko kwenye michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo huozesha mizizi, na kuna aina za muhogo ambazo majani yake huonyesha dalili hafifu au yasionyeshe kabisa huku chini kumeshaharibika. Hapo picha ya jani haina cha kusema, na kadi inapaswa kumwelekeza mkulima achimbe shina moja, akate mzizi na kuutazama ndani.