Mchunga wa Handeni na Korogwe: Jinsi ya kupunguza uchungu bila kumwaga ndoo nzima ya maji

Mvua za masika zikishika, mchunga unaota wenyewe kwenye mashamba ya mahindi na viwanja vilivyolala, kuanzia Handeni hadi Korogwe. Haupandwi wala haununuliwi mbegu. Ni mboga ya bure kwa mwenye shamba na ya bei nafuu kwa anayeikuta sokoni imefungwa mafungu.

Tatizo ni moja, nalo liko kwenye jina lenyewe: mchunga ni mchungu kweli.

Dawa ambayo kila mtu anaijua ni kuchemsha kwa maji mengi, kisha kumwaga. Kwa aliye Korogwe karibu na Mto Pangani, hiyo si shida. Lakini Handeni maji yamekuwa kilio cha miaka mingi, na kuna nyumba ambazo kila ndoo inahesabiwa. Ukimwambia mama wa huko amwage lita 4 za maji kwa sababu ya fungu mbili za mboga, atakutazama tu.

Habari njema ni kwamba maji mengi siyo siri ya kutoa uchungu. Siri ni namna unavyoyagawa.

Uchungu unakaa wapi?

Ukikata jani la mchunga bichi, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Humo ndimo ulimo uchungu mwingi. Mchunga ni wa ukoo mmoja na saladi, na hata saladi ikizeeka shambani na kuanza kutoa maua hutoa utomvu huohuo na kuwa chungu.

Kwa hiyo kazi inaanza kwenye kuchuma. Majani laini ya mche ambao bado haujarefusha shina kwenda kutoa maua ya njano huwa na uchungu wa kuvumilika. Maua yakishatoka, hata ukichemsha mara tatu bado utaukuta. Sokoni angalia fungu: ukiona vijiti virefu na vitumba vya maua, tafuta fungu jingine. Na kama unachuma mwenyewe, epuka shamba lililopigwa dawa ya magugu karibuni, maana mchunga kwa mwenye shamba la biashara ni gugu kama magugu mengine.

Hesabu ya maji

Uchungu hutoka kwenye jani kuingia kwenye maji mpaka pande zote mbili zifanane. Zikishafanana, kuendelea kuchemsha hakusaidii tena. Unapika tu jani ndani ya maji machungu.

Chukua nusu kilo ya majani. Yakishachujwa tu bila kukamuliwa, hubaki na karibu nusu lita ya maji ndani yake. Ukiyachemsha mara moja kwa lita 3 za maji kisha ukachuja, kwa hesabu ya jikoni umebakiza kama sehemu 1 kati ya 7 ya uchungu.

Sasa chukua lita 2 tu, uzigawe mara mbili. Lita ya kwanza inabakiza theluthi moja ya uchungu. Lita ya pili inabakiza theluthi ya ile theluthi, yaani sehemu 1 kati ya 9. Umetumia maji pungufu na uchungu umepungua zaidi.

Ukiyakamua majani kwa mkono kila baada ya maji, hesabu inakuwa nzuri zaidi. Majani yanayobaki na robo lita badala ya nusu lita yatabakisha kama sehemu 1 kati ya 30 kwa lita zilezile 2. Jikoni mambo hayaendi sawasawa kama kwenye karatasi, kwa sababu uchungu mwingine hung'ang'ania ndani ya jani, lakini mpangilio wa ushindi ni huohuo: maji kidogo mara mbili na kukamua hushinda maji mengi mara moja.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuchemsha mchunga kwa muda uleule, mmoja akala vizuri na mwingine akasukuma sahani. Aliyekamua ndiye aliyekula.

Na chumvi je?

Chumvi ina kazi mbili tofauti, na wengi huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuvuta maji ya ndani. Wanaopika karela huijua vizuri: karela hupasuliwa, mbegu na ule utando wa katikati huondolewa, hukatwa vipande vyembamba, hupakwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa karela 2 au 3, na huachwa kama nusu saa. Yakitoka majimaji, hukamuliwa na kusuuzwa. Karela ina nyama nene yenye maji, hivyo chumvi ina cha kuvuta.

Jani la mchunga ni jembamba. Kulinyunyizia chumvi na kulisubiri hakuleti kitu cha maana. Hapa chumvi inabidi isaidiwe na mikono: katakata majani membamba, weka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kisha fikicha kwa nguvu kwa dakika 2 au 3 mpaka litoke povu la kijani. Punje za chumvi zinalikwaruza jani na utomvu unatoka. Kamua, suuza kwa maji kidogo, kamua tena. Njia hii inafaa sana pale maji yanapokuwa shida hasa, lakini mboga itabaki na chumvi. Usiongeze nyingine kabla ya kuonja.

Kazi ya pili ya chumvi iko kwenye ulimi. Mwaka 1997 watafiti wa kituo cha Monell, Filadelfia nchini Marekani, walieleza kwamba chumvi huzuia ulimi kuhisi uchungu, na uchungu ukishazimwa ladha nyingine hujitokeza. Ndiyo maana mchunga uliopungukiwa chumvi huonekana mchungu kuliko ulivyo. Kabla ya kuulaumu, ongeza chumvi kidogo kwanza.

Sufuria moja, hatua kwa hatua

Tuseme kuna nusu kilo ya mchunga na robo kilo ya majani ya kunde. Kunde wanasaidia kwa sababu hawana uchungu: kila tonge linakuwa na mchunga kidogo na kunde kidogo. Matembele au majani ya maboga yanafanya kazi hiyohiyo.

Osha mchunga ungali mzima ili kutoa mchanga, kisha ukatekate. Chemsha lita moja ya maji, na yakishatokota ndipo utie majani. Acha sufuria wazi. Dakika 5 zinatosha. Chuja, subiri yapoe kiasi cha kushikika, kamua. Mwagia lita ya pili, safari hii maji ya baridi, fikicha kidogo, acha dakika 10, kamua tena. Kuni zimetumika mara moja tu.

Sasa onja, lakini usiwe na haraka. Uchungu huchelewa kufika. Tafuna jani moja, meza, kisha hesabu mpaka kumi. Kama unakuja na kupita, endelea. Kama unakaa kooni, rudia maji mara moja zaidi.

Kaanga kitunguu kimoja na nyanya 2 mpaka ziive kabisa. Tia kunde na tui la pili la nazi moja, chemsha dakika kama 7. Tia mchunga uliokamuliwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi au pungufu, halafu tui la kwanza. Koroga polepole kwa moto mdogo dakika 5 nyingine, tui lisikatike.

Tui si la kunogesha tu. Uchungu wa utomvu hupenda kukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji, hivyo mabaki yake hunaswa na mafuta ya nazi na kufika ulimini yakiwa machache. Pale nazi inapokuwa ghali, karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko 4 vya chakula, hufanya kazi ileile na kuifanya mboga iwe nzito.

Ndimu ina nafasi yake, lakini mezani. Ukiikamulia jikoni tui linakatika na majani yanabadilika rangi kuwa kama ya kahawia. Na magadi? Yanalainisha majani haraka, ni kweli, ila mboga inarojeka na vitamini C inaharibika. Jani changa halihitaji magadi.

Unachomwaga pamoja na uchungu

Maji yaliyomwagwa hayaondoki na uchungu peke yake. Vitamini C na folati huyeyuka kwenye maji, na sehemu kubwa huenda nayo. Kinachobaki vizuri ndani ya jani ni ile rangi ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na hiyo ili iingie mwilini inahitaji mafuta, kwa hiyo tui linalipa mara mbili. Kwa vitamini C, chungwa au embe baada ya chakula vinatosha. Hakuna haja ya kujilazimisha kula mchunga usiolika.

Watoto huhisi uchungu kuliko watu wazima, kwa hiyo sufuria ambayo baba anaisifu inaweza kuwa adhabu kwao. Anza nao kwa fungu moja la mchunga kwa mafungu mawili ya kunde, kisha ongeza taratibu.

Uchungu usiopaswa kuondolewa

Kuna uchungu mmoja ambao hizi mbinu zote hazipaswi kuugusa. Mung'unye, tango na boga kwa kawaida si vichungu. Ukikata mung'unye, ukaonja kipande na ukakuta uchungu mkali, hiyo ni sumu ya mmea iitwayo kukurbitasini. Haitoki kwa kuchemsha, na chumvi au nazi vinaificha tu ili ule zaidi. Anayeila hutapika na kuhara sana, wakati mwingine kwa kiwango cha kulazwa.

Mung'unye wa namna hiyo unatemwa, mdomo unasuuzwa, na lote linatupwa, hata kama sufuria ilishateleka. Ukitoa kipande kidogo cha kuonja kabla ya kukata lote, hasara inakuwa ni mung'unye mmoja tu.