Nusu kilo ya maharage inakula moto wa shilingi ngapi?

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hupikia gesi vitu vya haraka, maharage wakayaachia mkaa, na umeme hawataki hata kuusikia jikoni. Hebu tupige hesabu ya nusu kilo ya maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Bei ziwe za mfano: mkaa shilingi 1,000 kwa kilo, mtungi wa gesi wa kilo 6 shilingi 24,000, mafuta ya taa 3,000 kwa lita, na umeme 356 kwa uniti pamoja na kodi.

Maharage hayo hukaa motoni kama saa mbili. Jiko la kawaida la mkaa hula karibu gramu 800, yaani shilingi 800. Gesi hula kama gramu 170, karibu shilingi 700. Mafuta ya taa ni robo lita, shilingi 750. Tangu 2011, kodi yake ilipopandishwa ili yasichanganywe na dizeli, unafuu wake wa zamani ulikwisha. Kuni ni kama kilo mbili kwenye mafiga, na zaidi zikiwa mbichi, kwa sababu moto hukausha maji ya kuni kwanza. Anayeokota hulipa kwa muda na moshi.

Umeme ndio unaoshangaza. Jiko la sahani hutumia kama uniti 1.3, shilingi 460. Sufuria la presha la umeme halifikishi nusu uniti: shilingi 150 hivi. Huvuta umeme mwingi dakika za mwanzo, kisha hujizima na kuwaka kidogo kidogo, kwa kuwa mvuke umefungiwa ndani. Ukisikia linafoka mfululizo, mpira wa mfuniko umechakaa, na faida yote inatoka na mvuke.

Tahadhari moja kwa mteja mdogo wa TANESCO anayelipa shilingi 100 kwa uniti: akivuka uniti 75 kwa mwezi, za ziada hutozwa zaidi ya mara tatu.

Kwa chai au mayai hesabu hubadilika. Gesi unaizima papo hapo, lakini mkaa uliowashwa huendelea kuteketea chai ikishaiva, labda uwe na chungu kingine cha kuubandikia.

Pima mwenyewe kwa bei za mtaani kwenu. Soma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika, jiko likiwa peke yake. Mtungi upime kwenye mizani kabla na baada. Mkaa upime kabla ya kuwasha. Kama una umeme wa uhakika na unapika maharage au makande kila wiki, nunua sufuria la presha kwanza, gesi ibaki ya chai na kukaanga.