Meseji Uliyoifuta WhatsApp Imebaki Wapi?

Watu wengi huogopa kwamba kila walichowahi kuandika WhatsApp kimehifadhiwa kwenye seva za kampuni. Hofu hiyo ina msingi, ila imeelekezwa mahali pasipo penyewe.

Nikifuta meseji, kampuni inabaki na nakala?

Kwa kawaida haibaki, kwa sababu huwa imeshatoka huko kabla hujaifuta. Meseji hufungwa kwa msimbo kwenye simu yako, hupita kwenye seva bila kusomeka, na hufunguliwa na simu ya mpokeaji tu. Tiki moja ina maana imefika kwenye seva. Zikiwa mbili, imemfikia mwenzako, na WhatsApp inasema hapo seva huiondoa. Akiwa amezima simu, meseji humngoja huko, ikiwa bado imefungwa, kwa siku zisizozidi 30.

Upo mlango mmoja wa kuangaliwa: mtu akikuripoti, meseji za mwisho ulizomtumia, zisizozidi tano, hupelekwa kwa kampuni zikisomeka.

Mbona basi meseji zilizofutwa huweza kurudi?

Hurudi kutoka kwenye bekapu, na hapa ndipo pa kuwa makini. Tuseme Jumatatu jioni umemtumia mdogo wako picha ya kitambulisho chako. Saa 8 usiku simu yake ya Android inatengeneza bekapu kama ilivyozoea, na kuipeleka pia Google Drive ikiwa amepanga hivyo kila siku. Jumanne asubuhi unaifuta kwa wote. Bado umewahi, maana muda unaoruhusiwa ni siku 2 na ushee. Kwenye chati picha inatoweka, lakini ndani ya bekapu ya usiku ule meseji ipo. Akiiondoa WhatsApp na kuirudisha kutoka bekapu hiyo, meseji nayo inaweza kurudi. Ya Drive itafunikwa na bekapu inayofuata. Zile za ndani ya simu hukaa kama wiki moja.

Bekapu ya Drive, au ya iCloud kwa wenye iPhone, haina ulinzi ule wa meseji mpaka mwenyewe auwashe kwenye mipangilio ya bekapu. Uwezo huo ulianza mwaka 2021, na ninausisitiza: uwashe, umwombe na unayeandikiana naye auwashe.

Na Telegram?

Huko ni tofauti. Chati za kawaida hukaa kwenye seva ili uzifungue kwenye kifaa chochote, na hubaki mpaka zifutwe. Chati za siri pekee hukaa kwenye simu.

Nikiamua kuondoka WhatsApp kabisa?

Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti uifute huko. Kusafisha taarifa zako kwenye seva kunaweza kuchukua hadi siku 90. Ulichokwisha kuwatumia wengine hakiguswi, kinabaki kwenye simu zao.