Kofia ya Zamani: Mkono au Cherehani?

Kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono humchukua mshonaji wiki nyingi, pengine miezi. Ya mashine hutoka kwa muda mfupi tu. Ukizitazama zikiwa kichwani mwa watu msikitini, huwezi kuzitofautisha, na ndiyo maana anayeuza kofia kuukuu mjini Lamu au Unguja anaweza kukutajia bei ya mkono kwa kazi ya mashine nawe usijue. Kwa hiyo kabla ya kujadili bei, omba uishike, uigeuze ndani nje.

Anzia kwenye vitundu. Kwenye kazi ya mkono, kitambaa hutobolewa kwa ncha kali, nyuzi zake zikasukumwa kando, kisha ukingo wa tundu ukazungushiwa uzi hadi ukaze. Uzi ni mmoja, unapita juu na chini, hivyo tundu huonekana karibu sawa pande zote mbili. Nyuma utakuta fundo dogo hapa na pale, au uzi uliorukishwa kutoka tundu hadi jingine. Mashine hutumia nyuzi mbili, wa sindano na wa bobini. Wa bobini hubaki chini, na mara nyingi ni mwembamba zaidi au una weupe tofauti, hivyo ndani ya kofia hujitambulisha wenyewe. Pia tundu la mashine mara nyingi hukatwa, na pembeni mwake utaona ncha fupi za nyuzi zikichomoza kama manyoya.

Watu husema kazi ya mkono hujulikana kwa makosa yake. Si kweli kabisa, kwani mashine nayo hukosea. Ila mashine ya kompyuta hurudia kosa lile lile: ua la tatu likiwa na mshono uliopinda, ua la nne litapinda pale pale. Mkono haukosei mara mbili kwa namna moja. Wala uzee pekee si ushahidi, maana cherehani si kitu cha jana katika pwani yetu. Zipo kofia ambazo mistari yake iliyonyooka ilipigwa kwa cherehani na viua vikafanywa kwa mkono. Hizo si za kughushi, lakini bei yake isiwe ya mkono mtupu.

Nilionyeshwa kofia moja ya namna hiyo, yenye uzi wa kahawia juu ya kitambaa cheupe, ikisemwa kuwa ya babu wa muuzaji. Viua vilikuwa vya mkono, bila shaka. Upande mmoja uzi ulikuwa umepauka hadi rangi ya mchanga, ilhali sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo ilikuwa bado kahawia iliyoiva. Hilo ni jua: kofia ilikaa miaka dirishani au ukutani, upande mmoja ukiangalia mwanga. Kama rangi ingekuwa imechujuka sawasawa, hadi ndani ya mkunjo, ningefikiria kufuliwa mara nyingi. Mpauko wa jua haurudi, na uzi uliopauka hivyo huwa pia umedhoofika.

Sehemu ya paji la uso ilikuwa na umanjano, na hilo lilinifurahisha. Jasho na mafuta ya nywele hukaa hapo. Kofia iliyochovywa chai ili ionekane ya kale huwa na rangi ile ile kila mahali, hadi ndani ya mshono. Kilichonitia wasiwasi ni vidoa vitatu vyekundu vya kutu karibu na ukingo, huenda vya pini. Kutu hula pamba. Niliinua kofia kwenye mwanga, na kwenye doa moja kitambaa kilikuwa kimeanza kupitisha mwanga. Hapo usijaribu ndimu na chumvi, na dawa ya kung'arisha nguo usiisogeze kabisa: hata doa likitoka, baada ya muda mahali pake panaweza kuwa tundu.

Juu, viua vichache vilikuwa vimetililiwa upya. Kwa macho uzi ulilingana. Chini ya tochi ya kukagulia noti, uliwaka buluu huku uliobaki ukiwa umefifia, kwa kuwa nyuzi nyingi za kisasa zimetiwa viini vya kung'arisha. Sabuni za unga nazo huwa na viini hivyo, kwa hiyo kofia nzima ikiwaka, usihukumu; kinachosema kitu ni kiraka kinachowaka peke yake. Marekebisho haya yalifanywa vizuri, kwa pamba na kwa mshono ule ule, bila kuvuta kitambaa. Ingekuwa poliesta, ningelalamika, kwa sababu uzi huo ni mgumu kuliko pamba kuukuu na huikata polepole.

Uamuzi wangu: ni kazi ya mkono ya kweli, imefifia upande mmoja, imerekebishwa kwa heshima, ila kutu imeipunguzia thamani. Inafaa kununuliwa kwa bei ya kofia ya kuhifadhi, si ya kuvaliwa Ijumaa. Anayeinunua asiifue na asiitie wanga, kwa kuwa wanga huvuta wadudu; aiweke bila kuikunja, mbali na jua, ikiwa imejazwa kitambaa cheupe kisafi cha pamba.